Tisa kwa Ishirini kwa Kumwalika Shoga

Mwalimu Nukta, aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kukosoa hata pumzi za watu, aliisoma barua ya mwanafunzi wake Kicheko mbele ya darasa zima kwa sauti ya puani. Mtihani wa majaribio ulitaka kila mwanafunzi amwandikie rafiki yake barua ya kumwalika kwenye harusi ya dada yake.

"'Shoga yangu, ukikosa kuja usinisemeshe mpaka tuzeeke. Dada analia kila akijaribu gauni. Nicheke na nani kama si wewe?'" Akaishusha karatasi. "Huyu anafanya mtihani au anapiga soga?"

Darasa likaangua kicheko. Mwenye barua aliinamia dawati. Alikuwa amepata tisa kwa ishirini, na asiyefika kumi angerudia somo mwaka mzima. Kiranja, aliyeanza na "Ninayo heshima kukualika", alipata kumi na nane na kupigiwa makofi.

Mchana, mkuu wa idara ya Kiswahili, mama asiyepandisha sauti kwa lolote, aliziweka karatasi hizo mbili mezani pa Nukta, kando ya mwongozo wa kusahihisha.

"Barua ya kirafiki, mwalimu. Binti ana anwani moja, juu kulia. Tarehe anayo. Salamu, siku na mahali pa harusi, hitimisho, 'Rafiki yako', na jina lake. Utani unaruhusiwa, ndio urafiki wenyewe. Kiranja ana anwani mbili, kichwa cha habari na 'Wako mtiifu'. Amemwalika rafiki au mkurugenzi?"

Nukta akakosa pa kuficha uso. Mwongozo alikuwa nao tangu wiki iliyopita na hakuufungua, alijiona anajua. Akachukua kalamu, akaandika kumi na saba kwa Kicheko na kumi na moja kwa kiranja.

Kesho yake alirudi darasani. Angeweza kuzigawa karatasi kimya kimya, lakini aibu aliyomtia binti wa watu aliitia hadharani.

"Kicheko, nilikukosea. Barua yako ilikuwa sahihi. Asiyejua nilikuwa mimi. Nisamehe."

Binti aliikodolea macho ile kumi na saba. "Nimekusamehe, mwalimu." Kisha akauliza, bila kejeli hata chembe: "Kwani wewe rafiki yako ulimwalikaje kwenye harusi yako?"

 Nukta alikuwa na rafiki mmoja tu wa chanda na pete, waliyelala naye kitanda kimoja miaka minne ya bweni. Alimpelekea barua iliyopigwa chapa, sawa na aliyompelekea mwajiri wake.

"Nilimwandikia, 'Kwa heshima na taadhima, unaombwa kuhudhuria bila kukosa.'"

"Akaja?"

"Hakuja."

Hakuna aliyecheka. Miaka kumi na moja tangu harusi hiyo, Nukta alikuwa akimwambia kila mtu kwamba rafiki yake yule anaringa.