Televisheni ya Chumba cha Macho

Kitendawili changu cha leo nimekitunga mwenyewe, msikitafute kwingine: umefungiwa ndani, na ufunguo umo mdomoni mwako. Mkishindwa msihangaike kunipa mji, jibu mtalikuta humu humu.

Binti ninayewasimulia, watu wa mtaani kwao walimwita Kamera, maana tangu alipoipata ile yake ya kwanza hakuonekana tena bila mkanda begani. Ofisi yake ilikuwa stoo ya mjomba wake, nyuma ya duka la rangi. Dirisha lilikuwapo, ila mjomba alikuwa amelipangia makopo mpaka juu, kwa hiyo mchana na jioni humo ndani vilifanana. Ukikaa kidogo harufu ya rangi inakushika kooni. Humo ndimo Kamera alimokuwa akiunganisha picha, laptopu ikivuma kama inzi aliyenaswa kwenye chupa.

Kazi yenyewe aliipata kwa mdomo wa mama yake. Mama alikuwa akipiga deki katika kliniki ya macho, na siku moja alimsikia Matroni akilalamika kwamba wagonjwa wa mtoto wa jicho wanafika, wanawekewa dawa, halafu kabla ya kuitwa wananyanyuka na kwenda zao. Matroni akasema laiti angepata mtu wa kumtengenezea video ya kuwatuliza. Mama akaegemeza fagio lake ukutani.

"Mtu huyo nimemzaa mimi," akasema.

Basi Kamera akaitwa. Matroni alikuwa mwanamke wa haraka, anaongea na wewe, anajibu simu na anamkemea mtu koridoni, vyote kwa pumzi moja.

"Nataka video ya upasuaji wa mtoto wa jicho, mwanangu. Iwe nzuri, isiwe ndefu, iwatoe watu hofu. Umenielewa?"

Maswali yalimjaa Kamera mdomoni. Lakini pale mlangoni alisimama mama yake na ndoo, uso umemng'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Kamera akaona akiuliza ataonekana hajui kazi, na mama ataonekana ameleta mtoto ambaye bado anajifunza.

"Nimekuelewa kabisa, Matroni. Niachie mimi."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, jamani, na aliyeufunga ni yeye.

Akapiga picha safi. Jengo kutoka juu, daktari akieleza kwa maneno mazito, vifaa vikimetameta kwenye sinia, maandishi madogo ya kupendeza chini, na muziki. Wagonjwa aliowapiga picha aliwaomba ruhusa kwanza, hilo alikuwa mwangalifu nalo. Akamtumia Matroni kwenye simu. Jibu likaja kwa sauti:

"Nzuri, mwanangu. Ila siyo. Ifupishe. Halafu ichangamshe kidogo."

Akaifupisha, akaichangamsha. Jibu likaja: "Mbona sasa imekuwa kama tangazo la soda? Hawa ni wagonjwa!"

Akaketi stooni akiwa ameshika kichwa. Aifupishe mpaka wapi? Aichangamshe isifike wapi? Angeweza kupiga simu akauliza, lakini kila siku iliyopita ilizidi kumziba mdomo. Mtu aliyesema ameelewa kabisa, aanze leo kuuliza alichoelewa ni nini? Nyumbani nako hapakuwa na pa kukimbilia. Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote, na kila akitenga chakula anauliza, "Matroni amefurahi?"

"Anaangalia angalia, mama."

"Mwambie na ile ya chumba cha watoto nayo uifanye wewe. Mimi nimeshamgusia."

Kamera akameza tonge bila kulitafuna.

Alipotengeneza ya tatu, ikarudi sauti fupi zaidi: "Njoo nayo Ijumaa tuijaribu hapa hapa kwenye televisheni. Isipofaa nitamwita yule kijana anayerusha kamera ya droni, usininunie. Mama yako nitajua cha kumwambia."

Ijumaa akaenda, flashi mfukoni.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi yaliyotazamana na ukuta, na juu ya ukuta televisheni ya zamani. Wagonjwa wameketi vichwa vimelala nyuma, kila mmoja na msindikizaji wake, na nesi anapita na kichupa akiwatonesha dawa ya kupanua mboni. Anarudi tena na tena mpaka mboni zifunguke. Anayemaliza anafumba macho, maana taa yenyewe inamchoma.

Kamera akachomeka flashi. Televisheni ikafikiri, kisha ikaandika kwamba faili hiyo haiijui.

"Imekufa?" Matroni akauliza.

"Hapana, Matroni. Picha zangu ni kubwa mno kwa umri wake."

Ikabidi afungue laptopu sakafuni, aibadilishe video iwe nyepesi, huku benchi zima limemgeukia. Mama yake akawa anadeki sehemu ile ile iliyokwisha kukauka.

Hatimaye picha zikatokea. Sauti haikutokea.

"Sauti tumeiteremsha," nesi akasema. "Muziki ukilia watu hawasikii majina yao."

Kwenye benchi la mbele aliketi mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu, mikono mipana imekaa magotini kana kwamba usukani bado upo. Wenzake wote walimwita Dereva. Kando yake alikuwa binti yake, ndiye aliyemsindikiza.

"Naona kuna mwanga unacheza," Dereva akasema. "Wanaonyesha nini?"

"Jengo, baba. Sasa daktari anaongea."

"Anasema nini?"

"Sijui, haisikiki. Kuna maandishi lakini yanapita mbio." Akakodoa macho. "Sasa wameleta sinia. Lina vikasi na sindano. Na kisu, baba. Kidogo, lakini kisu."

Mama mmoja wa benchi la nyuma akauliza, "Kisu cha nini?"

"Cha kung'olea jicho, cha nini kingine!" Dereva akasema. "Si niliwaambieni? Wanalitoa, wanaliweka mezani, wanalisafisha, wanalirudisha. Na likianguka je? Utaliokota wewe?"

"Baba, kaa."

"Nimeendesha lori miaka yangu yote sijang'olewa hata jino. Nipe mkono, twende."

Akanyanyuka. Binti akamfuata akiona haya, na mama wa benchi la nyuma naye akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu. Matroni akamkimbilia huyo, akamkalisha. Kisha akamgeukia Kamera, na safari hii hakuwa na haraka hata kidogo.

"Walikuwa wananikimbia mmoja mmoja bila video. Wewe umenianzishia msafara."

Kamera alisimama katikati ya chumba kile, hana pa kwenda. Mlangoni ndoo ya mama yake, mbele Matroni, nyuma televisheni inaendelea kuonyesha sinia lile lile, maana aliiweka ijirudie. Akaizima. Akawaona watu wale wenye macho yaliyofumbwa, nyuso zimeelekea ukutani, masikio yote yameelekea kwake. Hapo akatambua kwamba hajawahi kujiuliza video hii inaangaliwa na nani.

Akauona ulimi wake mzito kama jiwe. Hata hivyo akaunyanyua.

"Matroni, nilikudanganya. Sikukuelewa. Niliona haya kuuliza. Nipe nafasi niulize sasa, mbele ya mama, halafu ukitaka umwite wa droni."

Mama akaacha kudeki.

"Uliza," Matroni akasema. "Ila mimi nina wagonjwa."

"Anayeiangalia ni nani? Mgonjwa au msindikizaji?"

"Mgonjwa," Matroni akasema. Akalitazama benchi. "Lakini haoni. Na tukimwekea dawa, haoni zaidi. Mungu wangu. Nimekuwa nikiiangalia mimi, kwenye simu yangu, ofisini."

"Basi anaisikiliza. Akishaisikiliza unataka afanye nini?"

"Abaki ameketi! Hicho tu. Wakati wa kusoma vitabu hana."

"Anaogopa nini hasa?"

"Umesikia mwenyewe. Wote wanadhani jicho linatolewa nje. Halitolewi. Linatiwa ganzi, mgonjwa yuko macho, daktari anafungua kitundu kidogo, anaondoa kile kioo cha ndani kilichofanya ukungu, anaweka kingine. Basi."

"Neno hilo daktari atalikagua kabla sijalitumia?"

"Nitampelekea mimi. Akikubali yeye, nimekubali."

"Na urefu. Kati ya tone na tone, mtu anakaa kimya kwa muda gani?"

Nesi akajibu yeye. "Dakika chache. Na katikati naita majina."

"Basi iwe ya dakika moja na kidogo, imalizike na irudi, anayeingia katikati asipotee. Muziki nautoa, niache vituo vya kimya ili majina yasikike. Mtaipandisha sauti?"

"Bila muziki, tutaipandisha."

"Mnataka sauti ya nani? Daktari?"

"Wakimsikia daktari wanakaa kama wako mahakamani," nesi akasema. Wagonjwa wakacheka, cheko la kwanza siku ile. Yule mama wa benchi la nyuma, viatu bado mkononi, akadakia: "Tuleteeni mwenzetu aliyetoka humo ndani akiwa na macho yake yote mawili."

"Itakaa wapi zaidi ya hapa?" Kamera akauliza. "Kwenye simu za watu?"

"Hapa tu, kwenye kizee hiki." Matroni akaipiga televisheni kofi la upole. "Na nakupa mpaka Jumatano. Siku zaidi hakuna wa kukuongezea, hata mama yako."

Kamera akarudi stooni. Makopo yalikuwa pale pale dirishani, lakini sasa alijua anachotafuta. Akamrekodi fundi cherehani mmoja aliyekuwa amekuja kutolewa bandeji, mwanamke mwenye sauti ya kukokota maneno. Picha zikawa chache na kubwa: uso wa fundi, sindano ikipita kwenye uzi, uso tena. Sinia la vifaa akalifuta kabisa. Faili akaitengeneza kwa kipimo cha televisheni ile, akaijaribu mapema huko huko.

Jumatano Dereva alikuwapo. Binti yake alikuwa amemrudisha kwa kumbembeleza, akaketi ukingoni mwa benchi karibu na mlango, kofia mkononi, tayari kuondoka. Akatiwa matone. Sauti ikaanza:

"Nami nilidhani wanalitoa. Hawalitoi, ndugu yangu. Jicho langu halikutoka mahali pake. Nilikuwa macho, nimetiwa ganzi, nasikia daktari anaongea na nesi habari za mvua..."

Kimya. Nesi akaita jina la mtu mwingine, likasikika vizuri. Sauti ikaendelea. Dereva akageuza kichwa, sikio mbele, kama anayesikiliza injini.

"Huyo ni nani?" akamnong'oneza binti yake.

"Fundi cherehani, baba. Anatunga uzi kwenye sindano."

"Bila miwani?"

"Bila miwani."

Video ikaisha, ikaanza upya. Dereva akaisikiliza tena. Kamera alikuwa amejibana kwenye kona karibu na ndoo ya mama yake. Nesi akatokea mlangoni, akaita jina la Dereva.

Mzee akabaki ameketi. Kofia ikazunguka vidoleni. Mlango wa kutokea ulikuwa pale pale kando yake.

"Binti," akasema, "shika kofia yangu. Nisije nikaivaa nikaondoka."

Akanyoosha mkono kwa nesi, wakaingia.

Mama akamsukuma Kamera kidogo kwa kiwiko, akaendelea kudeki. Matroni akapita mbio, simu sikioni, akasimama, akarudi nyuma hatua.

"Kamera. Na ile ya chumba cha watoto. Iwe nzuri, isiwe ndefu. Umenielewa?"

"Bado, Matroni," akasema Kamera, akavuta benchi. "Kaa kwanza."