Kisanduku cha Lusia

Theopista aliposogeza chati dirishani ili asome vizuri, ndipo alipoliona jina la mdogo wake. Lilikuwa safu ya chini kabisa, kwenye kisanduku kidogo kama punje ya mchele: Lusia, mkunga, Mishamo. Lusia alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Chati ile aliichora Bwana Krispini mwenyewe, mratibu wa shirika lenye ofisi hapo Mpanda mjini, lililohudumia makazi ya wakimbizi ya Mishamo. Alitaka watumishi wote mia moja na kumi na wawili waenee kwenye karatasi moja ya manila. Visanduku vikawa vidogo kama wadudu. Mistari nayo ilipitana kama nyuzi za kikapu kilichofumuka. Sasa wageni kutoka Dar walikuwa wanakuja na treni ya Jumamosi, na Theopista, karani mkuu, aliambiwa aichore upya ipendeze.

Hakulia. Hata msibani watu walimsema kwa hilo. Alichonga penseli, akaweka rula, na hasira ikamtuliza mkono.

Kwenye karatasi ya kwanza aliwaweka mratibu na wakuu watano wa vitengo, basi. Kila kitengo akakipa karatasi yake. Wenye kazi moja aliwaweka kisanduku kimoja na idadi yao: walinzi kumi na wanane hawana haja ya visanduku kumi na vinane. Waliobaki hakuwatandaza kwenda pembeni. Aliwapanga kwenda chini, mmoja chini ya mwenzake, wakining'inia kwenye mstari mmoja wa kushoto. Herufi zikawa za kusomeka na mtu aliyesimama mlangoni.

Vikabaki vitengo vinavyotumia magari. Afya, Maji na Kilimo kila kimoja kilikuwa na gari, na kila dereva alikuwa na mistari miwili, mmoja wa kitengo chake na mwingine wa Usafirishaji. Theopista aliziweka karatasi zao jirani ili mistari isipitane. Usafirishaji ukapata Maji kushoto na Kilimo kulia. Akahamisha, akafuta, akahamisha tena. Kitengo kina majirani wawili tu. Wa tatu, popote alipomweka, mstari wake ulikata wa mtu mwingine.

Alikaa akiutazama mstari wa gari la wagonjwa, ndilo gari la Afya. Siku ile Lusia alipozidiwa na malaria, Mishamo waliita kwa redio asubuhi. Gaspar, dereva, alikaa ndani ya gari, ufunguo mkononi. Kibali cha gari kuondoka kilitaka sahihi mbili. Mkuu wa Afya alitia yake. Japhet, mkuu wa Usafirishaji, alikuwa safarini Sitalike, akarudi jioni. Gari lilifika Mishamo usiku, wakati watu wameshaanza kutafuta mbao za jeneza.

Theopista akaufuta mstari wa Usafirishaji. Akamweka Gaspar na gari lake chini ya Afya peke yake. Chati ikakaa sawa, hakuna kilichopitana.

Bwana Krispini alipokuja na Japhet kuiona, alifurahi mpaka Japhet alipoinama na kuuliza gari lake liko wapi.

"Liko Afya," Theopista alisema.

"Dada, wewe ni wa kuchora. Nani amekutuma ugawe magari?"

Krispini alijaribu kupoza. Akasema mstari urudi, mwembamba, wa nukta nukta, wageni hawatauona. Theopista alimjibu kwamba nukta anajua kuzichora, na zinatosha kuonyesha kwamba Usafirishaji hutengeneza gari, si kwamba huliruhusu kuondoka. Akaichukua chati ya zamani, akamwekea mratibu kidole kwenye punje ile ya mchele.

"Soma, bosi."

Krispini alivua miwani, akavaa tena, akasogeza uso. Akalisoma jina.

"Umemchora mwenyewe, miezi mitatu baada ya kumzika. Ulikuja msibani, ukala. Humu ndani hakuna aliyeona, maana hapasomeki," Theopista alisema. Sauti yake haikupanda. "Nyie mnataka mstari usionekane. Mimi nataka mtu mmoja wa kutia sahihi gari likiitwa. Mkimpata mwingine zaidi ya Afya, nitamchora."

Japhet alianza kueleza habari za Sitalike. Hakuna aliyemsaidia, akaishia katikati.

Krispini aliomba kalamu. Pembeni ya kisanduku cha Gaspar aliandika: kibali, sahihi ya Afya pekee. Akatia sahihi na tarehe. Theopista hakumshukuru.

Walipotoka alibaki na karatasi ya Afya. Kisanduku cha mkunga wa Mishamo kilikuwa bado hakijachorwa. Alikichora kipana sawa na vingine, akaandika kwa herufi kubwa: nafasi wazi. Kisha akaichana chati ya zamani vipande vipande. Kimoja tu, kidogo sana, chenye jina la Lusia, alikitia kwenye fundo la kanga yake.