Barua Iliyopitia kwa Mpishi Mkuu

Wivu wa mapenzi una dawa zake, lakini wivu wa jikoni, huo Mungu apishe mbali. Ulimshika Mpishi Mkuu asubuhi moja ya kazi, mwiko mkononi, pale Dada wa Supu alipomsogezea bahasha na kusema kwa adabu zake zote, "Mkuu, naomba uipitishe kwa meneja."

Aliifungua akidhani ni ombi la likizo. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Dada alishukuru hoteli kwa kumlea, akatoa notisi ya mwezi mmoja kama mkataba unavyotaka, akaahidi kukabidhi sare, visu na ufunguo wa kabati lake. Mwishoni akaeleza sababu, ingawa hakuna aliyemlazimisha: anakwenda kufungua kibanda chake cha chakula karibu na stendi.

Kibanda! Kibanda kilikuwa ndoto ya Mkuu, chake yeye. Jiko zima lilijua. Tangu alipokuwa muosha vyombo alikuwa akikihubiri: meza zitakaa hivi, moto utakaa vile, wateja watapanga foleni mpaka barabarani. Wapishi wapya walisimuliwa kibanda cha Mkuu kabla hawajaonyeshwa choo kilipo. Leo huyu mwanamke mpole, asiyepaza sauti hata mafuta yakimrukia, anakichukua kama anavyochukua kitunguu kapuni.

"Hongera, dada," alisema, na hongera yenyewe ilimtoka kama jino bovu.

Sasa, hoteli ile ilikuwa na utaratibu wake. Barua ya mfanyakazi haiendi moja kwa moja kwa meneja. Hupitia kwa mkuu wa idara, naye huandika maoni yake chini na kutia sahihi. Notisi huanza kuhesabiwa siku meneja anapoipokea. Mkuu aliujua utaratibu huo vizuri kuliko alivyozijua sala zake. Akaichomeka barua chini ya risiti za mboga, akarudi kwenye karai lake.

Nyumbani alimweleza mkewe, akitarajia kuonewa huruma.

"Kibanda?" mkewe aliuliza, kijiko kikining'inia hewani. "Si ndicho kile chako?"

"Ndicho."

"Basi heri yake. Angalau sasa tutakiona kikiwa na paa."

Usiku ule Mkuu hakumaliza chakula chake. Mtu akikuchoma kisu utapiga kelele. Mke akikwambia kweli utapiga kelele kwa nani?

Barua ikalala pale chini ya risiti, siku ikapita na nyingine ikaja. Dada alikoroga supu yake, ile supu iliyowafanya wageni waulize jina la mpishi, na kila walipouliza, Mkuu ndiye aliyevaa kofia ndefu akatoka ukumbini kupokea pongezi. Dada alikuwa akibaki nyuma akikatakata karoti. Hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo lililomtia Mkuu wasiwasi miaka yote. Mtu asiyelalamika ana lake jambo. Moyoni alikwishakata shauri kuwa mwanamke huyu anakinyemelea cheo chake.

Mwishowe Dada akamfuata penye meza ya kukatia nyama.

"Mkuu, ile barua imefika? Mwenye eneo la stendi ananishikia mpaka mwisho wa mwezi ujao tu. Notisi ikichelewa kuanza, atampa mtu mwingine. Kuna muuza matunda anapapigia hesabu."

"Leo leo, dada. Kazi zimenizidi."

Hakuwa na pa kujificha tena. Lakini wivu haukosi akili, hukosa busara tu. Mkuu akajifungia stoo, akakaa juu ya gunia la viazi, akafikiri: kama meneja ataona jiko haliwezi kwenda bila huyu, atamkatalia. Akishamkatalia, kibanda kwisha. Akashika kalamu na kuandika chini ya barua, kwa mwandiko wake bora kabisa:

"Siungi mkono. Huyu ndiye mhimili wa jiko. Supu inayosifiwa na wageni ni yake, michuzi yote anaionja yeye, na nisipokuwepo yeye ndiye anayeliendesha jiko bila kasoro. Akiondoka tutaaibika."

Akasaini, akaipeleka mwenyewe ofisini, akashuka ngazi akipiga mluzi. Maskini ya Mungu! Hakujua kwamba kamba ile alikuwa akiifunga shingoni mwake mwenyewe.

Kabla ya chakula cha mchana kuanza kutoka, Mama Meneja akawaita wote wawili. Alikuwa ameivaa miwani yake na barua iko wazi mezani.

"Mkuu, kwanza nikuelimishe," alisema. "Mtu anayeacha kazi haombi ruhusa, anatoa taarifa. Siwezi kumkatalia. Naweza kumbembeleza tu." Akaigonga barua kwa kalamu. "Ila maoni yako yamenisaidia sana. Kwa hiyo supu ni yake?"

Mkuu akaitazama barua. "Ni... ya jiko, mama."

"Hapa umeandika ni yake. Michuzi yake. Jiko analiendesha yeye. Sasa wewe tunakulipa kwa kazi gani?"

Mkuu akaivua kofia yake ndefu, akaishika mkononi.

Meneja akamgeukia Dada. "Binti yangu, kibanda ni jua na vumbi. Baki. Nakupa nafasi ya Mpishi Mkuu kuanzia wiki ijayo. Huyu kaka yako tutamhamishia stoo, akahesabu mchele."

Basi ndiyo hiyo, Mkuu alijisemea. Nyoka ametoka shimoni, na aliyemwita ni mimi kwa mkono wangu! Akamtazama Dada usoni akiitafuta ile furaha aliyoiogopa miaka nenda miaka rudi.

Hakuiona. Dada alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

"Asante sana, mama," alisema. "Lakini hapana. Hata mngeniongezea gari. Naomba tu notisi yangu ianze leo, na cheti changu cha kazi nikipate siku ya mwisho."

Meneja alibembeleza kidogo, akashindwa, akagonga muhuri wa tarehe. Akamwambia Mkuu kwa sauti kavu kwamba atafute mtu wa supu haraka, na kwamba yeye na meneja wake bado wana mazungumzo. Wakatoka.

Kwenye ngazi Mkuu alishindwa kujizuia. Ilipaswa afurahi, cheo kimebaki. Lakini alikuwa na hasira ya ajabu, hasira ya mtu aliyelinda mlango miaka yote dhidi ya mwizi ambaye hakuwahi hata kupita mtaa ule.

"Yaani hukukitaka?" aliuliza. "Hiki cheo. Hukuwahi kukitaka?"

"Cheo?" Dada alishangaa kwa dhati. "Mimi? Hapana, kaka."

"Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini hapa?"

Dada aliipunguza sauti kama mtu anayeogopa kumuumiza mwenzake.

"Nilikuwa nangoja ufungue kibanda chako, nije nikuombe kazi. Ulivyokuwa unakieleza, nilikiamini kabisa. Nikangoja, nikangoja. Halafu nikaona nitazeeka."

Akatangulia kushuka, maana supu ilikuwa motoni.