Isale Mlangoni kwa Daktari Kornelia

Mkungu ule wa ndizi niliubeba mimi, na mgongo haujanisamehe. Ulikuwa mzito kiasi kwamba gari lililotushusha kutoka Masama lilipiga magoti mara mbili, na dereva akasema hajawahi kubeba abiria mnene hivyo asiye na nauli.

Mbele yangu alitangulia jirani yangu Ebenezeri, koti la kanisani mwilini, jani la isale mkononi. Nyuma alikuja binti yake Aikaeli, macho chini, kama anayepelekwa kuungama kosa la mwingine.

Sababu ilikuwa barua pepe. Aikaeli alipata ufadhili wa shahada ya uzamili, ila wafadhili walitaka jina la msimamizi wa utafiti kabla ya Ijumaa. Likikosekana, nafasi inakwenda kwa mwingine. Alimwomba Daktari Kornelia, ambaye kila mtu chuoni humtaja kwanza. Jibu likaja, na Aikaeli alitusomea jikoni kwa baba yake:

"Ndugu Aikaeli, nimesoma wazo lako kuhusu vijana wanaong'oa kahawa na kupanda parachichi. Ni zuri. Kwa masikitiko, mwaka huu sitaweza kukusimamia. Wanafunzi nilio nao wamezidi nguvu zangu. Nikikuongeza, sitakutendea haki, wala wao. Nakushauri umwone Daktari Elisaria, ambaye hufanya utafiti na wakulima wa kahawa na ana nafasi. Ukipenda kunisubiri mimi, omba tena mwakani."

Ebenezeri alicheka. "Huyu hajakataa. Anayekataa haandiki maneno mengi hivyo."

"Baba, amekataa."

"Hata mimi nilipokwenda kumposa mama yako walinijibu kwa upole hivi hivi. Nikarudi na pombe ya mbege."

Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema mbege chuoni haifai, achukue isale. Mchaga gani atamfukuza mtu aliyeshika isale?

Basi tukafika. Daktari Kornelia, Mchaga mwenzetu wa Kirua Vunjo, alikuwa mezani nyuma ya vilima vya karatasi. Naapa, kimoja kilikuwa na theluji kileleni. Alipoinua uso akaona lile jani, akavua miwani na kusugua macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tumekuja kuomba."

"Naona. Lakini isale ni la kuomba msamaha. Mimi na wewe tumegombana lini?"

Nikatua mkungu, sakafu ikalia.

"Na hizo ndizi, mzee, sizipokei. Za mtu anayeomba nafasi sizipokei kabisa." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Mnaniweka pabaya. Nyumbani kwetu isale halirudishwi."

Akatazama karatasi zake, akamtazama Aikaeli. Nikaona kabisa anaanza kulegea. Ebenezeri naye aliona, akasogeza jani mbele.

Hapo mlango ukagongwa. Akaingia kijana amekonda, mkoba begani.

"Shikamoo, Daktari. Samahani, nilikuja kuulizia ile sura yangu ya tatu."

"Denis," alisema Daktari kwa unyonge, "bado."

"Sawa. Niliileta Kwaresima, nikajua labda." Akaliona isale. "Ahaa! Kumbe dawa ni hii? Mangi, hili jani mmelichuma wapi? Hata mimi nina ugomvi na mtu humu."

Nilicheka peke yangu. Daktari Kornelia aliinamisha kichwa. Aikaeli alimtazama Denis kuanzia viatu hadi macho, kama mtu anayejiona kwenye kioo.

"Baba, lete," alisema.

Akachukua jani, akampa Denis. "Lako hili, kaka. Mimi nina barua." Akamgeukia Daktari. "Huyo Daktari Elisaria yuko chumba gani?"

"Cha mwisho upande wa kulia. Nilimwuliza kabla sijakuandikia. Amelisoma wazo lako."

Tukamfuata, mimi na mkungu wangu. Ebenezeri alinung'unika njia nzima kwamba huyo Elisaria ni mtoto, ndevu zenyewe hazijaamua. Mtoto huyo hakutusalimu hata vizuri, alimwuliza Aikaeli, "Umeandika kuhusu vijana tu. Shamba ni la nani? Wazee wao hujawahoji?" Wakaanza kubishana. Ebenezeri, mwenye kahawa na vijana wawili waliong'oa nusu yake, akajikuta ameketi na kubisha kuliko wote. Walipochoka, Daktari Elisaria aliandika barua pepe ya kuwathibitishia wafadhili kwamba amekubali kumsimamia, akaituma. Ilikuwa Alhamisi.

Tulipopita tena kwa Daktari Kornelia, mlango ulikuwa wazi. Denis ameketi. Daktari anasoma, kalamu mkononi, na isale limelala juu ya kurasa zilizobaki. Hakuinua uso.

"Tumuage?" Ebenezeri alininong'oneza.

"Tupite."

Mkungu nao haukupata wa kuupokea. Nikauinua tena, kuelekea Masama, mlima wote.