Asilimia Nne za Kinga

Mimi sijaiba. Naanza na hilo kwa sababu kwenye ukoo wetu siku hizi hakuna anayeliamini.

Shangazi yangu anashona mikoba ya ngozi, mimi naiuza mtandaoni. Duka linaonyesha bei kwa fedha ya kwetu, dola, yuro na pauni. Mkoba ni elfu sita za kwetu: elfu tano mia saba zake, mia tatu zangu. Tulipatana hivyo miaka miwili, mpaka mwanawe aliyeko ng'ambo alipofungua duka kwenye simu yake. Tunamwita Kikokotoo, maana yule hata salamu anaijumlisha. Akakuta mkoba wa mama yake unauzwa dola hamsini na tano.

Siku hiyo dola ilikuwa mia na ishirini. Akapiga hesabu, akapata elfu sita mia sita, akatuma picha kwenye kundi la familia. "Mama, hizo mia sita zinaingia mfuko wa nani?"

Jumapili nikaitwa kwa Shangazi. Baba yangu alikaa karibu na mlango, anatazama viatu vyake. Kikokotoo alikuwa kwenye simu, juu ya cherehani, sauti imefunguliwa.

"Shangazi," nikasema, "mteja akilipa leo, kampuni ya malipo inakaa na dola zake siku saba. Ikizibadilisha inajikatia asilimia mbili. Na dola ikishuka ndani ya hizo siku, hasara ni yetu. Ndiyo maana naongeza asilimia nne za kinga, halafu bei naipandisha hadi tano inayofuata, hamsini na mbili iwe hamsini na tano, isiwe na vijisenti. Kinachozidi nakiweka akiba. Sijakigusa."

"Si duka lako limeandika linabadilisha kiwango cha dola kila baada ya saa sita?" akadakia Kikokotoo.

"Kwa mteja anayekuja. Aliyekwisha kulipa, bei yake haibadiliki tena."

"Mama, mwizi hakosi maelezo."

Shangazi akaniangalia. "Mbona hukuniambia siku zote hizo, mwanangu?"

Hapo alinipata. Sikumwambia kwa sababu nilidhani hataelewa. Kilikuwa kiburi tu, na kiburi hicho nimekilipia.

Wakaamua akiba yote, elfu thelathini na nane, apewe Shangazi. Nikarudi kwangu nina hasira za kupasua kioo. Penye nne nikaweka sifuri, upandishaji wa bei nikauzima. Mkoba ukawa dola hamsini kamili. Mlitaka kweli, haya, kweli hiyo hapo.

Kesho yake hoteli moja ya nje ikaagiza mikoba themanini, ikalipa papo hapo dola elfu nne. Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nikaanza kuitazama dola kama mtu anayechungulia maziwa jikoni. Mia na kumi na tisa. Mia na kumi na saba. Siku ya saba ikawa mia na kumi na nne. Kampuni ikakata asilimia zake mbili, ikaniletea laki nne, elfu arobaini na sita, mia nane themanini.

Haki ya Shangazi ilikuwa laki nne, elfu hamsini na sita. Fungu langu lilikwisha kumezwa lote, na bado zilipungua elfu tisa na ushee. Ningempelekea pungufu, ningeitwa nini? Nikatoa za kodi ya chumba, nikajazia. Taarifa ya kampuni nikaikunja, nikaitia mkobani. Safari hii ningemweleza mstari kwa mstari, hata tukikesha.

Nilimkuta na baba na majirani wawili. Akahesabu zote, akazirudia, kisha akawageukia.

"Mmeona? Nilipomkaba koo, zimekuja kamili. Hata mia haikupungua. Njia ya mwongo ni fupi, jamani."

Wakacheka. Akanipapasa bega kwa upendo, ndicho kilichoniuma zaidi. "Nimekusamehe, mama. Usirudie tu."

Karatasi nilikwisha kuitoa, ilikuwa mkononi. Nikamtazama baba, baba akatazama viatu. Nikairudisha mkobani.

Nilipofika kwangu nikarudisha zile asilimia nne, nikawasha na upandishaji, maana wiki nyingine ya namna hii ingenitoa chumbani. Elfu sita kwa dola ya mia na kumi na nne, ongeza nne, pandisha hadi tano inayofuata: hamsini na tano, vilevile.

Hata chai yangu ilikuwa haijapoa, simu ikalia. Kundi la familia. Kikokotoo ametuma picha ya bei mpya, na chini yake maneno mawili.

"Ameanza tena."