Wegesa Amtafuta Asiye na Dini

Insha ya Wegesa ilirudi na wino mwekundu mwingi kuliko wake wa bluu. Aliyeirudisha ni Mwalimu Bushiri, anayefundisha sosholojia ya dini katika kituo kidogo cha chuo pale Bomani, mjini Tarime, na ilikuwa mara ya pili. Ikirudi ya tatu, Wegesa angerudia somo zima mwakani, na nyumbani walishaanza kumwita msomi.

"Mada ni watu wasio na dini," mwalimu alisema. "Wewe umeandika kurasa nane za kwa nini wamepotea. Halafu umefunga kwa sala."

"Sala fupi tu, mwalimu."

"Wako wapi wenyewe? Asiyekuwepo na lake halipo. Hujamhoji hata mmoja! Kama Mungu yupo au hayupo, hilo insha haiwezi kuliamua. Tuambie hao watu wanaishije, wanaoaje, wanazikanaje."

Wegesa akaitazama kofia ya viua kichwani mwa mwalimu. "Lakini mwalimu, wewe mwenyewe unaswali."

"Daktari wa mifugo naye hali majani. Nenda kahoji."

Basi msomi wetu akapanda gari la kwenda kijijini Kemambo, kwa babu yake mzee Nyamhanga. Katika ukoo mzima ndiye pekee ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, hata siku za harusi za watoto wake. Asiye na dini mwingine wa kumpata wapi?

Alimkuta uani, mama yake mdogo Elieth akipepeta mahindi karibu. Akaamkia shikamoo, akaketi, akawasha simu irekodi. Na kwa kuwa Tarime hakifunguliwi kikao hata cha kugawa mbolea bila maombi, mtafiti alifumba macho akamwomba Mungu aongoze mahojiano na asiyeamini Mungu. Mzee naye akafumba macho kwa adabu.

"Babu, kwa kuwa wewe huna dini..."

Macho ya mzee yakafumbuka yote mawili.

"Nani hana dini? Nyamhanga, jina ninaloitwa, ni la Muumba! Ulipozaliwa, nani alimwaga pombe hapo mlangoni akawaita wazee waliotutangulia? Mchungaji wako?"

"Chuoni nilidhani..."

"Rudi chuoni ukadhani tena!" Akachukua fimbo yake akaenda kutazama ng'ombe, akinung'unika kwa Kikurya maneno ambayo mjukuu alishukuru simu haikuyaelewa.

Wegesa alitaka kulia. Alikuwa amemhesabu babu yake kuwa hana kitu kwa sababu tu hana kile alicho nacho yeye Wegesa, na aibu hiyo ilimuuma kuliko wino mwekundu. Mhojiwa hana, insha hana. Ungo wa Elieth ukanyamaza.

"Umegonga mlango usio wenyewe," mama mdogo alisema. "Zima simu. Mhoji mimi."

"Wewe? Wewe si ndiye unaongoza kwaya?"

"Naongoza. Nyimbo nazipenda. Anayeimbiwa ndiye sijawahi kuamini kwamba yupo."

Wegesa akasahau maswali yote. Lililomtoka ni lile lile la kurasa nane: "Nini kilikukwaza, mama mdogo? Ni ndoa?"

"Ndoa ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini haihusiani. Mama yako umeshamuuliza nini kilimkwaza hadi akaamini?"

Hapo mtoto wa watu akaizima simu. Kisha akachukua kalamu, akauliza upya, safari hii kama mtu asiyejua jibu. Wakisema tuombe, unafanya nini? Nafumba macho nafikiria mboga. Hospitali wakiuliza dini? Nasema Mkristo, la sivyo nani atanizika? Kwenye msiba? Nachota maji, napika, nakaa na wafiwa mpaka wacheke. Hayo hayahitaji mbingu. Nani anajua? Wewe, kuanzia leo.

Kalamu ikasita. "Jina sitaliandika. Wala kwaya, wala Kemambo. Mwanamke wa makamo, mkoani Mara, basi."

"Na mwisho usiniombee."

Insha ya tatu ilipita. Babu naye aliingia, katika aya inayoeleza kwamba kutokwenda kanisani si kukosa dini, na kosa la mtafiti limekiriwa humo waziwazi. Pembeni ya ukurasa wa mwisho Mwalimu Bushiri aliandika: "Alhamdulillahi, hakuna sala."

Jumapili mama yake Wegesa alimsimamisha mbele ya kanisa kumshukuru Mungu kwa matokeo. Kwaya ikapanda, Elieth mbele, sauti ikijaza mabati mpaka wazee wakafuta machozi. Wegesa akafumba macho kumwombea mama yake mdogo, kama alivyowaombea waliopotea miaka yote. Akatafuta cha kumwombea, akatafuta tena, akakikosa. Akayafumbua, akamsikiliza akiimba.