Mkwe Asiyeinama

Kamili alijenga nyumba ya mama mkwe wake kwa adabu kubwa mno, na adabu hiyo ndiyo nusura imharibie.

Ilikuwa Ushirombo, miaka ile ya sabini ambapo saruji ilipatikana kwa kibali. Mama Paskazia, mjane, alikuwa amesumbuka mpaka akapata mifuko yake, naye alimtaka fundi Ignas. Paskazia, mke wa Kamili, ndiye aliyembembeleza mama yake: mkwe yupo, mwiko wa kujengea anao, wa nini fundi wa nje? Mama akakubali kwa sharti moja. Ukuta ukipinda, Ignas ataitwa. Kamili alijua kwamba akifukuzwa kazi ukweni hatakuwa na pa kuficha uso, hata kanisani atakaa nyuma ya nguzo.

Shida ikawa kigoda. Mama alikiweka uani, hatua chache mbele ya ukuta, ili alinde saruji isiote miguu. Na kwa watu wa kule mkwe hampi mama mkwe mgongo, seuze kuinama na kumwonyesha alichokalia. Kumwambia ahame kwenye uwanja wake mwenyewe ndiyo kabisa, haikuwezekana. Kamili akajiona mjanja: akaingia ndani ya msingi na kujenga akiwa upande wa pili wa ukuta, uso kuelekea uani, macho chini kama mtu anayesali.

Kona zake alizisimamisha vizuri, kwa timazi ya kupimia wima. Uzi akaufunga upande wa nje, kona hadi kona, sawa na ukingo wa juu wa tofali. Sasa, tofali haliugusi uzi. Hubaki mbali nao kidogo, kama unene wa kijiti cha kiberiti. Nafasi hiyo huioni ukiwa umesimama juu yake upande wa pili. Unainama konani, unafumba jicho moja. Kamili hakuinama. Tofali lake liliusukuma uzi, lililofuata likajipanga na uzi uliokwisha kusukumwa, nalo likausukuma zaidi. Katikati ya ukuta, kozi tatu za matofali zilikuwa zimetoka nje zote, na yeye anapiga mluzi wa raha.

Donatus, kaka yake Paskazia, aliyekuwa akikoroga mchanga na saruji, ndiye aliyepita kwa nje. Akasimama. Akaegemea koleo.

"Shemeji," alisema, "ukuta wako una mimba."

"Jua linakudanganya."

"Na maungio ya matofali? Uliniambia nusu inchi. Hapa nusu, pale nikitia vidole viwili vinaingia."

Kamili akachungulia kwa juu, akauona ukuta ulivyovimba.

Uani kigoda kililia. Mama hakuzungumza na mkwe moja kwa moja, haikuwa desturi yake, ingawa walikuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi.

"Paskazia," alisema, "mwambie mumeo Ignas haishi mbali."

Paskazia, aliyekuwa akichambua mchicha katikati yao, aligeuka. "Baba Anisia, Mama anasema Ignas haishi mbali."

"Nimesikia. Mwambie ukuta haukupinda kwa kutojua kazi. Umepinda kwa heshima."

"Heshima gani hiyo inayoota kitambi?" Mama alimuuliza binti yake.

Paskazia akatupa mchicha kwenye ungo, akamgeukia mama yake. "Mayu, fundi lazima ainame upande wa nje kuupima uzi. Atainamaje na wewe umekaa hapo?"

Mama alifikiri. Kisha akanyanyuka, akabeba kigoda hadi konani ulipofungwa uzi, akakaa akiutazama mtama shambani, mgongo kwa ukuta.

"Mwambie mimi ndiye niliyempa mgongo. Sasa ainame."

Waliziondoa kozi zile tatu kabla saruji haijashika, wakakwangua matofali, Donatus akakoroga upya huku akinung'unika. Kamili akatoka nje, akainama mpaka chini, akafumba jicho. Mama, bila kugeuka, alipeleka mkono nyuma, akaweka kidole juu ya uzi, karibu na kona. Tofali la kwanza likauparaza.

"Umegusa," alisema.

Paskazia alifungua mdomo afikishe ujumbe. Kamili alimtangulia. "Kweli, Mama, nimegusa," akalirudisha tofali nyuma, na Paskazia akarudi kwenye mchicha wake.

Hivyo ndivyo walivyozungumza mchana kutwa, kwa uzi. Umegusa. Ndiyo, Mama. Umegusa tena. Samahani, Mama. Kadiri jua lilivyoshuka, mazungumzo yalipungua, na kwenye kozi ya tatu Mama hakusema lolote. Kamili akaingiwa na hofu: huenda amelala, na yeye anaharibu kimyakimya. Akaupima uzi, akapima maungio, nusu inchi kila mahali, asiamini. Mwishowe akaudonoa uzi makusudi kwa ncha ya mwiko.

"Sijalala," Mama alisema, akiutazama mtama. "Endelea, fundi."